Naomba ushauri: chati ya ofisi ngazi sita haisomeki

Wakuu habari, niko hapa Kampala nachora chati ya ofisi kwenye PowerPoint, sasa hii SmartArt kila nikiongeza boksi huku chini maandishi yote yanajipunguza, hata jina la bosi halisomeki tena kwenye A4. Na majina yetu mnayajua, Byaruhanga nani nani, halafu cheo Meneja Msaidizi wa Manunuzi Kanda ya Magharibi!

Ngazi ya mwisho nimeiweka Right Hanging, wamejipanga wima, upana umepungua kweli, ila ngazi ya nne bado mameneja wanane wamebanana. Nawaza nikate, ukurasa wa kwanza ngazi tatu, kila idara ukurasa wake na mkuu wake arudiwe juu. Bosi anataka karatasi moja ya ukutani, je A3 itatosha? Na majina mnayavunja mistari miwili ama mnafupisha?