Naomba ushauri: barua pepe ya kujitambulisha kwa wenzangu wapya kazini, Kigoma

Mwana_Isevya
Wakuu, salamu. Mimi ni binti wa miaka 27, mzaliwa wa Tabora, na Jumatatu ninaanza kazi ya afisa ununuzi katika shirika moja hapa Kigoma mjini, lenye ofisi ndogo Kasulu na Kibondo. Msimamizi wangu ameniambia kwa simu kwamba siku ya kwanza niwaandikie wafanyakazi wote, ambao ni 34, barua pepe fupi ya kujitambulisha. Tangu jana ninaandika na kufuta. Nikiiweka rasmi inakuwa kama barua ya kuomba kiwanja halmashauri, na nikiilainisha inakuwa kama ujumbe wa kamati ya harusi. Nilipofikia ni hapa:

> YAH: KUJITAMBULISHA
>
> Ndugu wafanyakazi wenzangu, mwakeye!
>
> Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni (jina langu), Afisa Ununuzi mpya. Nina shahada ya ununuzi na ugavi na uzoefu wa miaka 3 katika kampuni ya tumbaku. Nimekuja kuziba pengo lililokuwepo na kuondoa ucheleweshaji wa manunuzi ambao umekuwa ukikwamisha kazi zenu. Naamini kwa ushirikiano wenu tutajenga mfumo mpya wa kisasa. Niko tayari kujifunza kutoka kwenu, wakubwa kwa wadogo. Natanguliza shukrani.
>
> Wenu katika ujenzi wa taifa,

Naomba mnisaidie iwe na uchangamfu bila kunifanya nionekane mtoto.

AfisaMstaafu
Binti yangu, nimeandika barua za serikali kwa miaka 31, na ninakuambia YAH ibaki. Msomaji anapaswa kujua barua inahusu nini kabla hajaifungua. Vijana wa siku hizi wanaandika "Habari" kwenye kichwa, kisha wanashangaa kwa nini hawajajibiwa. Ila hapo kwenye "mwakeye" umeteleza, kwa sababu barua ya kiofisi haipigi hodi kwa lugha ya nyumbani.

Dagaa_Mkavu
Mimi ni Muha wa Kasulu na ninamshukuru dada kwa heshima hiyo, lakini mwakeye ni salamu ya asubuhi. Atakayeifungua saa tisa alasiri akitoka shambani atadhani amelala siku nzima. Isitoshe, nusu ya ofisi za hapa wametoka Mwanza, Mbeya na Dar es Salaam, na hao watakuuliza mwakeye ni bidhaa gani na bei yake ni kiasi gani.

DawatiLaMbele
Nimefanya kazi ya utumishi kwa muda mrefu, na barua za namna hii nimezisoma nyingi kuliko nilivyopenda. Mzee AfisaMstaafu ana haki kuhusu jambo moja: kichwa kiseme habari yenyewe. Ila kwenye barua pepe kichwa kina mahali pake juu, kwa hiyo YAH ndani ya barua na "husika na kichwa cha habari hapo juu" vinarudia kile ambacho jicho limekwisha kukiona. Andika kwenye sehemu ya kichwa: "Afisa Ununuzi mpya, najitambulisha". Mtu akikutafuta baada ya miezi miwili ataandika "ununuzi" na atakupata.

Hilo ni dogo, kwa sababu lililonisimamisha ni sentensi ya pengo na ucheleweshaji. Pengo hilo aliliacha nani, dada?

Mwana_Isevya
Nafasi ilikuwa wazi tu, na hakuna tatizo lolote hapo. Naomba tujikite kwenye lugha, hasa kama "natanguliza shukrani" inafaa au haifai.

MamaWawili
Kujikita kwenye lugha hakutakusaidia. Mimi nilipoanza kazi Urambo nilituma barua kama hiyo kwa watu wote, nikaweka anwani zao zote kwenye To. Kwa saa nzima zikamiminika "karibu sana", "karibu", "karibu dada", kila moja ikiwafikia watu wote. Halafu dada mmoja wa masijala akamwandikia rafiki yake "ndiye huyu aliyeletwa kumtoa fulani?", akabonyeza Reply all badala ya Reply. Ofisi nzima ilinyamaza, na fulani mwenyewe alikuwa amekaa mbele yangu akila kiporo cha wali. Tangu siku hiyo anwani za watu wengi ninaziweka kwenye Bcc.

DawatiLaMbele
Kisa chako kinafundisha, mama, ingawa kwa watu 34 wanaofahamiana Bcc huleta maswali, maana kila mmoja atajiona ameandikiwa peke yake na ataanza kuuliza nani mwingine amepata. Kama ofisi ina anwani moja ya kundi, itumie hiyo. Ila Bcc isingeizuia ile kauli ya masijala isisemwe chinichini. Ingeizuia isisomwe tu. Ndiyo maana ninamrudia mleta uzi: nani alikuwa akifanya manunuzi kabla yako?

Mwana_Isevya
Basi niseme. Yupo kaka mmoja, nitamwita Bw. M., aliyekaimu kwa miezi 8. Aliomba nafasi hii, tukakutana siku ya usaili, na yeye hakuipata. Bado yupo ofisini, ni msaidizi wa ununuzi, na atakuwa chini yangu. Lakini sikuyatunga hayo maneno ya ucheleweshaji. Mkurugenzi mwenyewe ndiye aliyesema kwenye usaili kwamba maombi ya manunuzi yanachelewa na wanataka mtu wa kuyanyoosha. Nikinyamaza nitaonekana sijui nimeletwa kufanya nini. Tena barua nimeshaipanga itoke yenyewe Jumatatu saa 2:30 asubuhi, kwa hiyo ninachotaka ni kulainisha tu.

Dagaa_Mkavu
Kumbe dagaa wamo ndani ya mchele. Uzi mzima tunajadili salamu.

AfisaMstaafu
Huyo Bw. M. anapaswa kujua nidhamu ya kazi. Kama hakuchaguliwa, hakuchaguliwa.

DawatiLaMbele
Mzee, nidhamu haimzuii mtu kusoma. Watu 33 wataisoma sentensi hiyo na wote watajua anayesemwa, kwa sababu kwa miezi 8 walikuwa wakimpelekea yeye fomu zao. Mkurugenzi alilisema ndani ya chumba cha usaili. Wewe unalisema mbele ya ofisi nzima kabla hujaona jalada hata moja.

Wewe umesomea kazi hii, kwa hiyo jiulize: ombi huchelewa wapi? Huenda mwombaji aliandika "karatasi" bila kusema ukubwa wala idadi. Huenda profoma tatu hazijatimia kwa sababu muuzaji wa tatu yuko Mwanza na hapokei simu. Huenda kila kitu kimetimia na faili limelala siku tisa mezani kwa mkurugenzi huyo huyo likisubiri saini. Mpaka utakapoyafuatilia maombi kumi hivi kutoka tarehe ya kupokelewa hadi ya kufikishwa bidhaa, hujui ni kosa la nani. Na ukishatuma hiyo barua, mtu pekee anayeweza kukuonesha maombi hayo yalipokwama ndiye uliyemtukana.

Msomaji_Kimya
Samahani, mimi siiamini hadithi hii. Mleta uzi anasema hajaripoti kazini, lakini barua ameipanga itoke Jumatatu asubuhi kwa watu 34. Anwani za watu hao, wakiwemo wa Kasulu na Kibondo, amezipata wapi? Mtu hupewa anwani ya kazi baada ya kuripoti. Nadhani tunatungiwa tamthilia ya mwisho wa wiki.

MamaWawili
Hata mimi sasa ninaanza kujiuliza.

AfisaMstaafu
Kama ni utunzi, binti amenipotezea muda wangu wa kahawa.

Mwana_Isevya
Sijatunga. Anwani yangu ya kazi ilifunguliwa Alhamisi. Orodha ya wengine nilitumiwa jana.

Msomaji_Kimya
Na nani?

Mwana_Isevya
Na Bw. M. Msimamizi alimwagiza. Aliambatanisha orodha, akaweka alama kwa watu wawili wa Kibondo ambao huwa hawafungui barua pepe mpaka wapigiwe simu, na chini akaandika: "Karibu sana. Ukikwama, nipigie." Sikumjibu, kwa sababu sikujua nimjibu nini.

Msomaji_Kimya
Ninafuta maneno yangu. Hayo ya alama mbili za Kibondo si ya kutungwa.

DawatiLaMbele
Basi hapo ndipo pa kuanzia. Kwanza futa ule mpango wa saa 2:30, kwa sababu saa hiyo hutakuwa hata umeoneshwa kiti chako. Tuma mchana, baada ya msimamizi kukutambulisha kwa mdomo na baada ya wewe kujua watu wakufuate chumba gani. Pili, mjibu Bw. M. leo, kwa simu. Tatu, ondoa shahada na miaka 3. Waliokuajiri wanazijua, na wengine wanataka tu kujua fomu zao wampelekee nani. Ningeiandika hivi:

> Habari za leo, wenzangu.
>
> Jina langu ni (jina). Nimeanza kazi leo nikiwa Afisa Ununuzi, nikitokea Tabora. Bw. M. ameibeba kazi hii kwa miezi 8, na wiki hii nitakaa naye ili nijue maombi yenu yamefikia wapi. Yaliyokwisha kupokelewa hayahitaji kuletwa upya.
>
> Kuanzia Jumatatu ijayo, maombi mapya yaleteni kwangu, chumba (namba), au kwa anwani hii. Wenzetu wa Kasulu na Kibondo, nitawapigia simu kabla ya Ijumaa ili tufahamiane.
>
> Nimekuja na asali ya Tabora. Iko jikoni, karibu na birika.

Uchangamfu uko kwenye asali na kwenye simu ya kabla ya Ijumaa, kwa hiyo huhitaji "nina furaha kubwa isiyo kifani". "Wakubwa kwa wadogo" pia nimeiondoa, maana inamlazimu kila msomaji ajipange yuko upande gani.

Dagaa_Mkavu
Wa Kibondo wasome habari za asali wasiyoila? Tena wao wana asali yao, hiyo ni vita.

MamaWawili
Mimi ningemwondoa Bw. M. kabisa. Kumtaja mtu aliyekosa kazi mbele ya watu wote, hata kwa sifa, kunaweza kusomeka kama kejeli.

DawatiLaMbele
Inawezekana, na sina jibu la uhakika hapo. Kutomtaja nako kunasomeka. Ndiyo maana amsomee yeye kwanza, aamue mwenyewe.

AfisaMstaafu
"Wenu katika ujenzi wa taifa" imekwenda wapi?

Mwana_Isevya
Nimefuta ule mpango. Nimempigia saa kumi na moja jioni, mara ya kwanza hakupokea, kisha akapiga mwenyewe. Alikuwa Kibirizi akinunua migebuka, na kelele zilikuwa nyingi. Nikamsomea yote. Alikaa kimya kwa muda, akasema sentensi inayomhusu niiache lakini nitoe hiyo "miezi 8", watu wanajua kuhesabu. Halafu akasema nimesahau kitu ambacho kila mtu atauliza: ufunguo wa stoo atakuwa nao nani. Nikamwambia sijui. Akasema, "Basi andika kwamba kwa sasa ninao mimi, na Jumatano tutahesabu vitu pamoja ndipo nikukabidhi."

Nimeongeza sentensi hiyo. Asali ya Kibondo bado ninaifikiria.