Acheni kutubandikia "maana halisi" ya mafumbo ya taarabu! Ubeti mmoja mmeuua

Mwana Ngamiani (mleta uzi)

Jamani, nimechoka na hizi kurasa za "tafsiri ya nyimbo". Mtu anasikiliza wimbo mara moja, anaandika "chombo maana yake mwanamke, nanga maana yake ndoa, wimbo unamsema mke aliyeachika", anaweka nukta. Watu elfu wanasambaza. Kesho kijana wa Chumbageni anakubishia kwa sababu "imeandikwa".

Ubeti wenyewe ni huu unaoimbwa kwenye maharusi, mtunzi hatajwi:

*Chombo kimelala pwani, wenzangu mnakicheka*
*Hakikuvunjika ndani, nanga haijakatika*
*Waambieni jirani, maji yakijaa hupwa*

Kosa la kwanza ni la masikio. Ukurasa mmoja umeandika "maji yakijaa hupewa", kisha ukaeleza kwa kirefu kwamba mwenye subira hupewa. Hesabuni mizani! Kila kipande hapa kina silabi 8. "Maji yakijaa hupwa" ni 8, "hupewa" inakuwa 9. Mizani ikizidi au ikipungua, rudi usikilize tena kabla hujafasiri chochote. Mwimbaji anaweza kuvuta silabi kufuata ala, ndiyo, lakini hapo fidla haivuti chochote, anaikata fupi.

Kosa la pili ni hiyo methali. Wote wameandika maana moja: "aliye juu atashuka". Sasa tazameni nani yuko wapi ndani ya ubeti. Aliyekauka ni msemaji, chombo chake ndicho kilicho mchangani. Kwa hiyo "maji yakijaa hupwa" inaweza kuwa onyo kwa jirani: wewe leo unaelea, yako nayo yatapwa. Inaweza vilevile kuwa jibu la kujitetea: yaliyonifika ni ada ya bahari, si aibu, msinicheke. Na kwa mtu wa pwani kuna la tatu lisilotamkwa, kwamba yaliyopwa hujaa tena, basi ngojeni. Neno "waambieni" halichagui kati ya hayo. Angetaka onyo peke yake angeweza kusema "nyie mlio majini", nayo ni mizani 8, ingekaa bila taabu. Hakusema. Nyie mnamsemea kwa nini?

Mzee wa Deep Sea

Mleta uzi uko sawa, ila na wewe umepita haraka kwenye "kimelala". Chombo kulala pwani si lazima kiwe kimepata ajali. Mashua hulazwa kwa makusudi maji yakitoka, ikapigwa kalafati na kukwanguliwa chini, maji yakirudi inaelea. Hiyo ni kazi ya saa chache, maana kujaa na kupwa hupishana kwa kama saa 6. Kilichokwama bila kutaka tunasema kimepwelewa. Mtunzi kalikwepa neno hilo. Tena kasema nanga haijakatika, yaani hakikusukumwa na mawimbi. Mimi nasikia chombo kilichopumzishwa, na watu wanaocheka kwa kutojua bahari.

Lakini kama kilipanda juu siku ya bamvua, maji yanapojaa kupita kawaida, hapo ni habari nyingine. Maji mafu hayakifikii, kitangoja bamvua lijalo, karibu wiki 2. Ubeti hausemi ni maji gani. Anayeapa kwamba anajua, aonyeshe neno.

Bint Makorora

Mnazunguka bure. Tungo nyingine huagizwa, mtu ana ugomvi wake anamlipa mtunzi. Mtafuteni mtunzi mmuulize, yeye ndiye mwenye maana. Na chombo ni mwanamke, hilo halina mjadala, mafumbo ya pwani yote yako hivyo.

Mwana Ngamiani

Dada, nusu ya kwanza nakukubalia. Mtunzi akisema aliutunga kwa ajili ya nini, hiyo ni habari kubwa na iandikwe hivyohivyo: "mtunzi alikusudia hili". Lakini wimbo ukishatoka ukumbini haumtii tena. Wewe umekulia na mambo haya, unajua kutunza. Mwimbaji anafika "mnakicheka", mama mmoja ananyanyuka na noti, anacheza taratibu hadi mbele, anamtazama mtu fulani huku akiipunga. Dakika ile chombo ni biashara yake iliyodorora, au ni binti yake aliyerudi nyumbani. Harusi ya wiki ijayo atainuka mwingine kwa jambo lake, kwa maneno yaleyale. Anayefasiri aseme anazungumzia lipi: neno la mtunzi, maandishi yenyewe, au ukumbi wa siku ile. Haya matatu mnayachanganya ndiyo maana mnagombana.

Nusu ya pili nakataa. Hakuna daftari la "chombo ni hiki". Fuata viambishi. Ubeti wa kwanza wote ni ki-: kimelala, mnakicheka, hakikuvunjika. Fumbo limefunikwa, huna haki ya kulifunua kwa nguvu. Ila ubeti wa tatu unasema:

*Chombo hakikuwa changu, alikuja kwa hiari*

Mnaona? Kutoka ki- kaingia a-. Pazia limeteleza, chombo sasa ni mtu. Huo ndio ushahidi, nao uko kwenye neno, haukutoka kichwani mwa msikilizaji. Na hata hapo a- haisemi mwanamume wala mwanamke! Sauti ya mwimbaji mwanamke nayo si ushahidi, kwa sababu mashairi ya wanaume huimbwa na wanawake kila siku.

Mama Wawili

Samahanini naingilia. Mume wangu kaweka huo mstari wa "waambieni jirani" kwenye stetasi tangu juzi, na jirani yetu tumenuniana. Ananisema mimi au anamsema jirani? Naomba maana yake kamili nijue nifanye nini.

Bint Makorora

Mama, muulize mumeo. Mstari mmoja uliokatwa hauna hata chombo chake, hapo kila mtu atasikia lake.

Kijana Usagara

Basi kwa mnavyosema, kila maana inafaa? Mimi nikisema chombo ni chama cha siasa kilichozama, mtanikatalia kwa lipi?

Mwana Ngamiani

Kwa "hakikuvunjika ndani, nanga haijakatika". Kilichozama hakilali pwani kikachekwa. Tafsiri yako lazima ipite kwenye kila kipande cha ubeti. Kipande kimoja kikiikataa, inaanguka. Chama kilichotulia kikisubiri wakati wake, sawa, andika "inaweza kusomeka hivi" na utaje neno linalokubeba. Sikatai siasa, nakataa kuzamisha chombo ambacho mtunzi hakukizamisha.

Mzee wa Deep Sea

Hapo kwenye "hakikuwa changu" mimi bado nina shaka. Nahodha pia husema chombo si changu, ni cha tajiri. Na "alikuja kwa hiari" yawezekana anamsema huyo tajiri, wala chombo hakijageuka mtu. Viambishi vimebadilika kwa sababu aliyetajwa kabadilika.

Mwana Ngamiani

Mzee, hilo sikuliona. Tajiri hajatajwa popote kwenye beti mbili za mwanzo, kwa hiyo bado naegemea kwa chombo kugeuka mtu. Lakini sina neno la kukukatalia. Mwenye ubeti wa nne kamili auweke hapa, mizani zote. Nilionao mimi una kipande chenye 7.