Naomba ushauri: kalibresheni ya kamera iliyo kwenye kifundo cha roboti

Ndugu wanajukwaa, habari za kazi. Nimefunga kamera ya kina kwenye kifundo cha mkono wa roboti, na nafasi ya kitu naihamishia kwenye fremu ya kitako hivi:

```
p_base = T_base_gripper * T_gripper_camera * p_camera
```

`T_gripper_camera` niliipata kwa `cv2.calibrateHandEye`, nikitumia mikao 15 mbele ya ubao wa miraba. Kamera ikitazama chini wima, kishikio hufika juu ya kitu kwa usahihi mlalo, ila husimama takriban milimita 30 juu yake. Nikiinamisha kifundo nyuzi 30, nafasi ya kitu hichohicho, ambacho hakijaguswa, huhama milimita 15 kwa mlalo.

Picha ya kina nimeshailinganisha na ya rangi, na vipimo vya lenzi ninavyotumia ni vya kamera ya rangi. Ninachoshuku (na pengine ni uvivu wangu) ni kwamba karibu mikao yote niliizungusha kwenye mhimili wa wima pekee, bila kuinamisha zaidi ya nyuzi 10.

Je, mikao ya namna hiyo inatosha kuharibu kipimo cha mhimili huo? Na nitatofautishaje kosa hilo na upotofu wa kina cha kamera yenyewe, ilhali yote mawili husogeza nukta kuelekea upande uleule?