Mrejesho: peji ya keki yenye trafiki ndogo

Niliuliza: "Peji yangu inaingiza watu kama 200 kwa mwezi, ntajuaje hedlaini ipi inauza?"

Wakuu, kugawa trafiki, nusu waone hedlaini hii na nusu ile, nimeachana nako, maana kutofautisha asilimia 3 na 4 ya wanaooda unahitaji watu kama elfu 5 kila upande, yaani miaka minne! Nikawa nawaonyesha mabibi harusi watarajiwa peji sekunde 5, naficha simu, nauliza hapa wanauza nini na ukibonyeza kitufe kinatokea nini. "Utamu wa Sherehe Yako" wengi wakadhani ukumbi, "Keki za harusi, tunaleta hadi ukumbini" wakaelewa fasta. Kitufe cha "Endelea" waliogopa kinakata hela, sasa kinasema "Uliza bei Wasap". "Wateja wanatupenda" hakuna aliyeikumbuka, ila picha ya keki mezani na meseji ya mteja chini yake waliitaja wenyewe. Mauzo yatapanda kiasi gani hii haisemi, inaonyesha tu panapochanganya watu.