Mrejesho: kijani kwenye mabega ya wanakwaya

Niliuliza: "Studio yangu ndogo iko Mwanjelwa, Mbeya. Nikiondoa kitambaa cha kijani cha nyuma kwenye video, mabega na nywele za wanakwaya zinabaki na ukijani. Nifanyeje?"

Wakuu, nimerudi. Kosa kubwa halikuwa kwenye kompyuta. Mwimbaji alisimama hatua moja tu kutoka kwenye kitambaa, kwa hiyo mwanga uligonga kijani ukamrudia mgongoni. Nimemsogeza mbele mita 2 na nusu. Chumba chenyewe ni kifupi, sasa kamera iko mlangoni na mimi nasimama koridoni na baridi hii! Kitambaa nimekipa taa zake mbili, kushoto na kulia, na mwimbaji ana yake. Nimekipiga pasi pia, maana kila kunyanzi lilikuwa linaleta kivuli.

Kwenye programu ya After Effects, ndani ya Keylight inayoondoa kijani, nilikuwa napandisha Screen Gain mpaka vidole vinaliwa. Sasa nachagua kijani cha karibu na nywele, naweka View kwenye Screen Matte inayoonyesha picha kwa nyeusi na nyeupe, napandisha Clip Black kidogo kidogo mpaka nyuma pawe peusi tii, kisha nashusha Clip White mpaka mwili uwe mweupe bila matobo. Nywele zikianza kuonekana kama zimekatwa kwa mkasi, nimezidisha, narudi nyuma. Halafu View naiweka Intermediate Result, na ukijani uliobaki unamalizwa na Advanced Spill Suppressor.

Dada mmoja alikuja na kitenge cha kijani, kifua kikatoweka. Tukamwazima koti.