Fundi kanitundikia tivii karibu na dari, na HDMI haifikiki!

Wakuu, nina hasira sana. Tivii ya inchi 55 imetundikwa jana nikiwa kazini. Ukingo wake wa chini uko sentimita 150 kutoka sakafuni! Nikikaa kwenye kochi macho yangu yapo kama 105. Mechi moja tu, shingo imekakamaa.

Matundu ya HDMI yanatazama ukutani, na braketi ni ile bapa inayoacha sentimita 2 tu. Kichwa cha waya peke yake hakiingii hapo. Nimechubuka vidole bure.

Nikamulika tochi: skrubu ziko mbili tu, za juu! Chini patupu. Fundi anajibu eti kasha limeandikwa "hadi inchi 65".

Kisimati: Pole mkuu. Nunua braketi ya kuinamisha, ielekeze chini kidogo, kwisha habari.

Mzee wa Drili: Haitatosha. Tivii hiyo ina kimo cha kama sentimita 70, kwa hiyo katikati yake iko 185, yaani 80 juu ya macho yake. Mkuu, unakaa mbali kiasi gani?

Mwenye uzi: Mita 2 na nusu.

Mzee wa Drili: Hapo inatakiwa iiname karibu nyuzi 18, na braketi nyingi huishia 15 au chini ya hapo. Tena ikiinama, sehemu ya chini inarudi ukutani, matundu yanabanwa zaidi. Ishushe, katikati iwe 105 hadi 110.

Inchi za kwenye kasha ni makisio. Pima matundu ya skrubu mgongoni mwa tivii, katikati ya tundu hadi katikati ya jingine, upana kwanza kisha kimo.

Mwenye uzi: Nimepima kwa kupenyeza rula: upana milimita 400, kimo 300. Braketi imechongwa 400x200.

Mzee wa Drili: Ndiyo maana za chini hazikukutana! Iteremsheni leo, watu wawili. Tafuta yenye 400x300 ndani ya vipimo vyake na inayobeba uzito wa tivii. Kwa matundu ya HDMI, chukua ya mkono unaovutika, au chomeka waya mfupi wa kurefushia kabla hujatundika, ncha itokeze pembeni.

Mama Pacha: Yangu iko juu hivyohivyo chumbani na sioni shida, natazama nikiwa nimelala.

Kisimati: Kwa kulala ni sawa, yeye anakaa.

Mwenye uzi: Nikiishusha, ukingo unafika sentimita 70 na zaidi kidogo, na nina mtoto wa miaka 2. Ataigonga kila siku! Halafu ukuta ni wa matofali yenye uwazi ndani. Mkono ukivutwa mbele si utang'oa plagi za ukutani?

Mzee wa Drili: Hapo sikuhakikishii. Ukivutwa, mzigo kwenye skrubu za juu unaongezeka sana. Tuma picha ya ukuta kwanza.