Mjadala: Bati lipigwe mgongoni au bondeni, wapi panavuja kidogo?

Mwenye Paa: Habari zenu. Fundi wa kwanza alipiga bati za mawimbi kwa skrubu za mgongoni. Paa linavuja. Fundi wa pili anasema tuzing'oe zote tupige bondeni, maana huko bati limekaa juu ya papi na skrubu inabana vizuri. Wa kwanza anasema bondeni ndiko maji yanakopita, tutajuta. Nani mkweli? Na pale bati mbili zinapolaliana, niweke silikoni au niache?

Fundi Mkongwe: Mgongoni. Hakuna mjadala hapo. Maji yanashuka bondeni, wewe unatoboa bondeni, halafu unashangaa ndoo sebuleni? Hawa wanaopiga bondeni ni mafundi wa juzi, wanapenda skrubu fupi kwa sababu inaingia haraka.

Kaza Bondeni: Mzee, heshima yako, lakini mimi si fundi wa juzi na sipigi bondeni kwa uvivu. Mgongoni chini ya bati kuna uwazi wa karibu milimita 17. Unakaza drili, mgongo unabonyea, panatokea kisahani kuzunguka skrubu, na maji yanatuama hapohapo juu ya tundu. Bondeni bati linagusa papi, mpira wa skrubu unabanwa sawasawa pande zote. Halafu kuna ule mji wa Australia ambako kimbunga kiling'oa mapaa mengi miaka ya sabini, bati zikachanika kwenye skrubu za mgongoni. Hilo nalo ni la mafundi wa juzi?

Fundi Mkongwe: Mtu anauliza kuvuja, wewe unamletea kimbunga. Mimi nimepaua kabla hujashika nyundo. Bati linabonyea kwa anayekaza bila kusikiliza mkono wake. Usimsingizie mgongo.

Mpita Njia: Kwangu matone yanadondoka alfajiri hata mvua haijanyesha. Bati zimepigwa mgongoni. Kwa hiyo mgongoni kunavuja, nimeona kwa macho.

Bi Kenchi: Ndugu Mpita Njia, huo ni mvuke wa ndani unaogeuka maji kwenye bati lililopoa usiku. Fungua njia ya hewa chini ya paa. Skrubu za watu ziache.

Kaka Kaza, mji ni Darwin, Desemba 1974, kimbunga Tracy. Na ni kweli, upepo ulilivuta na kuliachia bati mara nyingi mpaka likachoka na kupasuka kuzunguka vichwa vya skrubu na misumari. Lakini hilo ni swali la bati kung'oka. Dawa yake iliyofuata ilikuwa kuongeza skrubu na kuweka washa pana zinazofuata umbo la mgongo. Haithibitishi kwamba bondeni hakuvuji.

Juu ya kuvuja, mimi naangalia siku mpira utakapozeeka. Jua linaukausha, unapasuka, na hilo litatokea popote ulipopiga. Wa mgongoni ukipasuka, tundu linapata matone ya mvua tu, mengi yanateleza pembeni. Wa bondeni ukipasuka, kila mvua inapita juu yake. Kwa hiyo kwenye paa la mawimbi mimi napiga mgongoni. Ukutani napiga bondeni bila wasiwasi, maana maji hayalali pale. Na alama ya kukaza ni rahisi kuiona: mpira utokeze kidogo tu pembeni ya washa. Ukitokeza sana na kujikunja, umekaza mno. Ukiweza kuizungusha washa kwa kidole, bado.

Kaza Bondeni: Mpira mzuri hauzeeki haraka kihivyo. Hapo unatisha watu.

Bi Kenchi: Unakaa miaka, sikatai. Lakini bati la mita 6 likipanda joto kwa nyuzi 40 linarefuka karibu milimita 3. Kila mchana linaisukuma ile skrubu, usiku linairudisha. Tundu linapanuka hata kama mpira ni mzima.

Mwenye Paa, kabla hujang'oa chochote: paa lina mteremko gani? Limelaliana mawimbi mangapi? Na madoa ndani yako wapi, yamekaa vitone-vitone juu ya papi au yamefuata mstari?

Mwenye Paa: Bati ni mita 6, juu hadi chini zinashuka kama sentimita 60. Zimelaliana wimbi moja. Madoa yamefuata mstari, kutoka papi moja hadi nyingine, na huvuja mvua yenye upepo tu. Fundi wa kwanza alishapaka silikoni ukingoni, kwa nje, ile yenye harufu ya siki. Ikapungua msimu mmoja, sasa imezidi.

Bi Kenchi: Basi skrubu zako hazina kesi kubwa. Sentimita 60 kwa mita 6 ni nyuzi zisizofika 6, paa limelala sana. Maji yanakwenda polepole, upepo unayasukuma ndani ya mlalio, na pale bati mbili zinapogusana yanapanda yenyewe, kama mafuta kwenye utambi. Yakivuka mgongo, bati la chini limeishia hapo, yanadondoka ndani. Ungelaliana wimbi moja na nusu, bati la chini lingekuwa na bonde jingine chini ya lile la juu, na ukingo wake ukiwa umeinuka. Maji yakivuka mgongo yangeangukia humo na kushuka hadi mwisho wa paa. Tena mdomo wa mlalio ulitakiwa uelekee mbali na upepo wa mvua.

Silikoni Daima: Sisi tunapaka silikoni kila paa na watu wanashukuru. Dada, unaharibu soko la watu.

Bi Kenchi: Naongea juu ya paa la huyu bwana. Ile ya harufu ya siki ina asidi, inakula zinki. Kwangua kipande uone unga mweupe chini yake, baadaye kutu. Na ukipaka ukingo wa nje, siku inapoachia kidogo maji yanaingia na hayana pa kutokea.

Silikoni Daima: Wewe hujawahi kutumia iliyo nzuri, ndiyo maana unasema hivyo.

Fundi Mkongwe: Ipo isiyo na siki, hiyo haili bati. Lakini bado inapakwa juu juu. Hapo nipo na Bi Kenchi.

Mwenye Paa: Nimekwangua. Unga mweupe upo, na sehemu moja kuna kutu. Nifanyeje bila kuezua paa lote?

Bi Kenchi: Legeza skrubu za mstari wa mlalio, inua ukingo wa bati la juu, toa silikoni yote, safisha hadi pakauke. Weka utepe unaonata wa butili mgongoni, upande wa nje wa mstari wa skrubu, ili maji yazuiwe kabla ya kufika kwenye tundu. Laza bati, rudisha skrubu zenye mpira mpya, kisha kati ya papi na papi shona bati kwa bati mgongoni kwa skrubu fupi, kila sentimita 45 hivi. Halafu mtu akae ndani, mwingine amwage maji kwa bomba la mpira, aanze chini apande taratibu. Ukianza juu hutajua ni wapi palipovuja. Penye kutu iliyotoboka, utepe hautasaidia, badilisha bati hilo.

Kaza Bondeni: Na ukimaliza, skrubu za mgongoni bado zimebonyea. Mvua kubwa ikija utaniambia.

Fundi Mkongwe: Kwanza yeye hajasema zimebonyea. Umeziona wapi?

Mwenye Paa: Nimepanda tena kuangalia. Upande mmoja zimebonyea kweli, kama nne zina maji mpaka sasa. Upande mwingine ziko sawa.

Kaza Bondeni: Si nilisema?

Silikoni Daima: Hizo nne ziwekee silikoni.